Kujibu barua ya USCIS inayodai ushahidi zaidi wa ndoa: kuanzia tarehe ya mwisho hadi kufunga bahasha

Raia au mkazi wa kudumu wa Marekani anapomwombea mwenzi wake kwa fomu I-130, afisa wa USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, anayelishika jalada anaweza kulikubali, kulikataa, au kusimama kwanza na kuandika barua ya kudai ushahidi zaidi. Barua hiyo ni fomu I-797E, na kichwa chake husomeka Request for Evidence. Kuipokea hakumaanishi kwamba ombi limekataliwa. Maana yake ni kwamba afisa amesoma jalada, ameona mapengo, na anampa mwombaji nafasi ya kuyaziba. Nafasi hiyo ni moja tu, kwani kanuni ya 8 CFR 103.2(b)(11) inataka vyote vilivyoombwa viwasilishwe pamoja kwa mkupuo mmoja. Anayetuma nusu ya vitu kwa nia ya kupeleka vilivyobaki baadaye huhesabiwa kuwa amemtaka afisa aamue kwa vile alivyo navyo.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata jalada moja la kubuni. Mume ni raia na mke alizaliwa nje ya Marekani. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 2024 wakawasilisha I-130 mwezi Desemba mwaka huohuo, wakiambatisha cheti cha ndoa, picha za arusi na taarifa ya benki ya mwezi mmoja. Mke aliwahi kuolewa kabla. Barua ya USCIS yenye tarehe 3 Machi 2025 inadai mambo mawili: uthibitisho kwamba ndoa ya kwanza ya mke ilikwisha kisheria, na ushahidi kwamba ndoa ya sasa ni ya kweli, yaani haikufungwa kwa ajili ya kupata karatasi za uhamiaji.

Tarehe ya mwisho

Kabla ya kusoma lolote jingine, tafuta mahali barua inapotaja siku ya mwisho ya kupokea jibu. Kanuni imeweka ukomo wa majuma 12, yaani siku 84, na barua iliyotumwa kwa posta huongezewa siku 3, ndiyo maana wengi huhesabu wakapata siku 87. Katika jalada letu, siku 84 tangu tarehe 3 Machi huishia tarehe 26 Mei, na siku 87 huishia Alhamisi tarehe 29 Mei 2025, ambayo ndiyo iliyochapwa kwenye barua. Ukomo huo ni wa juu, kwa hiyo afisa anaweza kutoa siku pungufu. Tarehe iliyoandikwa kwenye barua yako ndiyo inayokufunga, hata kama jirani yako alipewa muda mrefu zaidi kwa fomu hiyohiyo.

Hesabu huanza kwenye tarehe ya barua, haianzi siku ulipoifungua. Wenzi wetu waliikuta kwenye sanduku tarehe 10 Machi, kwa hiyo juma moja lilikuwa limekwisha kupita. Na upande wa pili wa hesabu ndiko wengi wanakoumia: jibu linatakiwa liwe limefika na kupokelewa katika anwani iliyotajwa kufikia siku hiyo, na muhuri wa posta unaoonyesha kwamba bahasha iliondoka mapema hausaidii kitu. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali kuu, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, lakini si busara kupanga kazi yako juu ya unafuu huo. Juma lile la mwisho wa Mei 2025 lilianza na sikukuu ya tarehe 26, ambayo posta haifanyi kazi, kwa hiyo bahasha iliyoachwa hadi Ijumaa ya tarehe 23 ingekuwa kwenye hatari isiyo ya lazima. Wenzi wetu walijiwekea Jumatatu ya tarehe 12 Mei kuwa siku ya kufunga bahasha.

Afisa hana mamlaka ya kuongeza muda, hata kwa barua nzuri ya kuomba radhi au ya daktari. Bado yapo maandishi mtandaoni yanayosema kwamba kuna siku 60 za nyongeza. Huo ulikuwa utaratibu wa kipindi cha korona, na haukuendelezwa baada ya tarehe 23 Machi 2023. Hakikisha vilevile kwamba hujashika barua ya aina nyingine. Ikiwa kichwa kinasomeka Notice of Intent to Deny, afisa tayari ameelekea kukataa na anakupa siku zisizozidi 30 za kumjibu hoja zake, na hapo wakili ni wa kutafutwa siku hiyohiyo.

Kuisoma barua kama orodha ya maswali

Barua hizi huwa ndefu, na sehemu kubwa ni maneno ya kawaida yanayotumwa kwa kila mtu. Sehemu yenye uzito ni ile inayosema ulituma nini na kwa nini hakikutosha. Chukua kalamu, weka namba mbele ya kila dai, na andika kwa maneno yako afisa anataka kuamini nini. Katika jalada letu aya moja inasema kwamba taarifa ya benki ya mwezi mmoja haionyeshi matumizi ya pamoja, na nyingine inasema kwamba picha zote ni za siku moja. Aya hizo mbili zinaeleza zaidi kuliko ile orodha ndefu ya mifano inayozifuata. Afisa hajasema kwamba anaishuku benki wala picha. Anasema kwamba ameona siku chache mno za maisha ya watu hawa.

Orodha ya mifano nayo husomwa vibaya. Ikitaja hati ya nyumba, mkataba wa pango, akaunti ya pamoja, bima na vyeti vya watoto, haimaanishi kwamba lazima uwe na vyote. Inaonyesha aina za vitu vinavyokubalika, na kanuni ya 8 CFR 204.2 inamalizia kwa kuruhusu hati nyingine yoyote yenye kuthibitisha jambo lenyewe. Dai la hati ya kuvunjika kwa ndoa ya kwanza ni tofauti kabisa, kwa sababu lenyewe halina mbadala wa hiari. Basi tenganisha mapema yale madai yenye uchaguzi na yale yasiyo nao, kwa kuwa namna ya kuyajibu si moja.

Hati ya talaka kwanza

Kazi ya kwanza iwe ni ile itakayochukua muda mrefu, na karibu kila mara hiyo ni hati inayotoka ofisi ya nchi nyingine. Mke alikuwa na nakala hafifu ya karatasi ya talaka, bila muhuri unaosomeka. Kesho yake tu baada ya kuipata barua ya USCIS walimwandikia ndugu aliyeko huko aende mahakamani kuomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu au ya daftari la talaka, na wakamwomba ahifadhi risiti ya kila malipo na nakala ya kila barua.

Hati ikifika, jambo la kuangalia kabla ya yote ni tarehe ambayo talaka ilianza kuwa na nguvu kisheria. Iwe ni kabla ya tarehe 14 Septemba 2024. Wako watu waliofunga ndoa mpya wakati kesi ya talaka imesikilizwa lakini haijakamilika, na hao hawana pengo la ushahidi, wana tatizo la ndoa yenyewe: ndoa iliyofungwa wakati mmoja wao bado yumo katika ndoa nyingine haiwezi kuokolewa na taarifa za benki. Kwa kawaida dawa ni kufunga ndoa upya baada ya talaka kukamilika na kuwasilisha ombi jipya, na kabla ya hatua hiyo ni lazima kuzungumza na wakili wa uhamiaji, hasa ikiwa mwenzi yuko Marekani na hadhi yake inategemea jalada lililopo.

Ikiwa ofisi husika inajibu kwamba kumbukumbu hazipo, kanuni imeweka ngazi za kushuka, na huruhusiwi kuruka ngazi. Kwanza unaleta barua ya ofisi hiyo, yenye nembo yake, inayosema kwamba kumbukumbu hazipo, kwa sababu gani, na kama kumbukumbu za aina hiyo na za kipindi hicho zinapatikana kwa watu wengine. Pamoja nayo unaleta ushahidi wa daraja la pili, kwa mfano kumbukumbu za msikiti au kanisa zinazohusu jambo hilo. Ikiwa hata huo haupatikani, ndipo unaleta maelezo ya kiapo ya watu wawili au zaidi ambao si wahusika wa ombi na wanaolijua jambo moja kwa moja. Anayeanza na viapo bila kuonyesha kwamba alizitafuta hati hurudishwa kwenye swali lilelile, safari hii kwa barua ya kukataliwa.

Kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, pamoja na mihuri na maneno ya pembeni. Mtafsiri aandike chini yake, kwa Kiingereza, kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo, kisha atie jina, sahihi na tarehe. Kanuni haidai mtafsiri awe na leseni. Hata hivyo mimi simshauri mume au mke kutafsiri hati ya jalada lake mwenyewe, kwa sababu inampa afisa swali ambalo hakuwa nalo.

Kuchagua ushahidi wa ndoa

Kipimo anachotumia afisa ni kwamba jambo lionekane kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Hatakiwi kuondolewa kila shaka. Anachouliza ni kama wawili hawa walikusudia kuanza maisha pamoja siku walipofunga ndoa, na kwa kuwa nia haipigwi picha, anaitafuta katika mambo waliyoyafanya kabla na baada ya siku hiyo. Hii ndiyo sababu ushahidi uliosambaa katika miezi mingi una nguvu kuliko rundo la mwezi mmoja.

Wenzi wetu walichora mstari wa miezi kuanzia walipofahamiana hadi Mei 2025, wakaandika chini ya kila mwezi karatasi waliyo nayo. Mapengo yalijitokeza yenyewe. Akaunti ya pamoja ilifunguliwa Oktoba 2024, kwa hiyo walichapisha taarifa zake zote tangu kufunguliwa, si ile ya mwezi mzuri peke yake, na katika barua ya maelezo wakataja malipo yanayoonyesha maisha ya nyumba: mshahara wa mume unaoingia, umeme, chakula na nauli za mke. Akaunti yenye majina mawili ambayo haina mwendo wowote humwambia afisa kwamba ilifunguliwa ili aione. Walikuwa wamewasilisha kodi ya mapato ya mwaka 2024 wakiwa wanandoa wanaolipa pamoja, wakaagiza kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, muhtasari rasmi wa kodi hiyo, ambao una uzito kuliko fomu waliyojaza wenyewe. Fomu ya kazini ya mume inayomtaja mke kuwa mnufaika wa bima ya maisha ilikuwa na tarehe ya Novemba 2024, yaani kabla hata ya ombi kuwasilishwa, na hiyo waliiweka mbele.

Kikwazo chao kilikuwa makazi. Waliishi katika nyumba aliyoipanga kaka wa mume, na majina yao hayakuwa kwenye mkataba. Rafiki aliwashauri wamwombe mwenye nyumba aandike mkataba mpya na kuurudisha tarehe nyuma. Huo ni udanganyifu, na gharama yake si kukataliwa kwa ombi hili peke yake: afisa akiridhika kwamba ndoa ilifungwa ili kukwepa sheria ya uhamiaji, kifungu cha 204(c) cha sheria hiyo kinazuia maombi ya baadaye ya mwenzi huyo pia. Njia yao halali ilikuwa kueleza ukweli ulivyo. Waliambatisha mkataba wa kaka, maelezo yake ya kiapo kwamba wawili hao wanaishi chumba fulani tangu mwezi fulani na wanachangia kiasi fulani, miamala ya benki inayoonyesha mchango huo kila mwezi, na barua za benki, za hospitali na za kampuni ya simu zilizotumwa kwa kila mmoja wao katika anwani hiyohiyo.

Je, vitu vilivyotengenezwa baada ya barua ya USCIS vitumwe? Vinaweza kutumwa, lakini uzito wake ni mdogo, na vikiwa vingi kuliko vya zamani hulichafua jalada. Bima ya gari iliyoongezwa jina la mke tarehe 20 Machi ni sawa ikiwa imefuatana na leseni yake ya udereva aliyoipata tarehe 15 Machi, kwa sababu hapo tarehe inajieleza.

Picha zipungue. Kati ya mia mbili walizokuwa nazo walichagua 16, za nyakati na watu tofauti, nne katika kila ukurasa, na chini ya kila moja wakaandika tarehe, mahali na majina ya walioonekana. Ujumbe wa simu walitoa kurasa chache kutoka miezi mbalimbali kabla ya ndoa, zenye tarehe zinazoonekana, na zile za Kiswahili zikatafsiriwa. Hakuna afisa atakayesoma kurasa 400 za salamu.

Maelezo ya mashahidi yanastahili uangalifu zaidi kuliko yanavyopewa. Kanuni inataka kila shahidi ataje jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake na wenzi, na aeleze kwa undani alijuaje anayoyasema. Sentensi ya kwamba "nawafahamu, wanapendana sana" haina kitu ndani. Jirani aliyeandika kwamba mwezi Januari mke alipougua ni yeye aliyekaa naye hospitalini mpaka mume aliporudi kutoka zamu ya usiku ametoa tukio ambalo karatasi ya hospitali inaweza kulithibitisha. Maelezo mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha, na kila shahidi ayaandike kwa maneno yake, kwani barua tatu zenye sentensi zilezile huonekana mara moja. Hata yakiwa mazuri, yanategemeza hati. Hayazibi nafasi ya hati.

Kabla ya kuendelea, toa nakala ya I-130 uliyoituma na ulinganishe kila tarehe na kila anwani na ushahidi mpya. Fomu ya wenzi wetu ilisema waliishi pamoja tangu Septemba, ilhali kaka aliandika Oktoba. Ukweli ulikuwa kwamba mke alihamia kwa awamu, na waliueleza hivyo kwa sentensi mbili katika barua yao, badala ya kumwomba kaka abadilishe mwezi.

Kupanga na kutuma

Juu kabisa weka barua halisi ya USCIS, si nakala yake, kwa sababu ndiyo inayoelekeza bahasha kwenye jalada sahihi. Inafuata barua ya maelezo ya kurasa mbili au tatu kwa Kiingereza, inayotaja namba ya risiti na kujibu dai la kwanza, kisha la pili, kwa mpangilio uleule wa barua ya afisa, na kila jibu likitaja kielelezo chake. Kisha vielelezo vyenyewe, vikiwa nakala, isipokuwa barua iwe imedai hati halisi. Usivitie kwenye jalada gumu wala mifuko ya plastiki, na weka nakala ya kila ukurasa nyumbani.

Anwani ichukuliwe kwenye barua, neno kwa neno. Wakati mwingine huwa na anwani mbili, moja ya posta na nyingine ya kampuni za usafirishaji, na kampuni binafsi haziwezi kupeleka kifurushi kwenye sanduku la posta la serikali. Tumia huduma yenye namba ya ufuatiliaji na uthibitisho wa kupokelewa. Aliyewasilisha ombi kupitia akaunti ya mtandaoni hupakia jibu kwenye sehemu ya akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya barua hiyo, na kwa kuwa sheria ya mkupuo mmoja inabaki ileile, asibonyeze kutuma kabla vielelezo vyote havijakamilika.

Ikiwa hati haitafika kwa wakati

Tuseme tarehe 5 Mei imefika na nakala ya talaka bado iko mahakamani. Njia zilizopo ni tatu: kujibu kikamilifu, kujibu kwa sehemu na kukubali afisa aamue, au kuondoa ombi. Kukaa kimya si njia, kwa sababu ombi linaweza kukataliwa kwa kuhesabiwa kuwa limetelekezwa, na uamuzi wa namna hiyo haukatiwi rufaa. Kujibu kwa sehemu kuna maana pale tu ambapo ulichonacho, pamoja na uthibitisho wa juhudi, kinaweza kumridhisha afisa. Hati iliyodaiwa waziwazi na isiyoletwa ni sababu tosha ya kukataa.

Kuondoa ombi hupoteza ada, ingawa hakuzuii kuwasilisha jingine. Hapa hadhi ya mwombaji hubadilisha hesabu. Mwenzi wa raia hana foleni ya viza, kwa hiyo kuanza upya kunamgharimu pesa na miezi. Mwenzi wa mkazi wa kudumu yuko kwenye foleni ya kundi la F2A, na akiondoa ombi hupoteza nafasi yake. Na ikiwa mke amewasilisha I-485, fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya Marekani, inayoegemea I-130 hiyo, nayo huanguka pamoja nayo, pengine na kibali cha kazi kilichotokana nayo. Uamuzi huu usifanywe na mtu peke yake: atafute wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na asimwendee mthibitishaji wa sahihi anayejifanya mshauri wa uhamiaji.

Kwa wenzi wetu nakala ya mahakama ilifika tarehe 8 Mei, ikatafsiriwa kwa siku mbili, na bahasha ikaondoka tarehe 12. Uthibitisho wa kupokelewa ulionyesha tarehe 15, na ukurasa wa hali ya jalada ulibadilika siku kadhaa baadaye kuonyesha kwamba jibu limepokelewa. Ukurasa huo huchelewa, kwa hiyo risiti ya msafirishaji ndiyo ya kuhifadhiwa. Ikitokea barua ya kukataa inayodai kwamba hukujibu, risiti hiyo pamoja na nakala ya bahasha nzima ndiyo msingi wa ombi la kufungua jalada upya kwa fomu I-290B, ambalo nalo lina muda wake: siku 30 tangu uamuzi, au 33 ikiwa uamuzi ulitumwa kwa posta.